Sentensi ya Adabu

Kuna sentensi moja niliyoiandika kwa mkono wangu, nikaitia sahihi, na mpaka leo nikiikumbuka napandwa na hasira hadi naacha ninachokifanya. Inasema hivi: "Pamoja na kwamba sijafikia kiwango kinachohitajika, naomba kwa unyenyekevu mkubwa mnifikirie ili nami nipate nafasi ya kujifunza." Ina heshima tele. Ungemsomea mama yangu angesema huyu mtoto kalelewa. Sentensi hiyo ndiyo iliyoninyima kazi niliyokuwa naiweza, ikaniweka mwaka mmoja na miezi minne nikimfundisha bosi wangu kazi ambayo nilikuwa nimeshaifanya.

Shirika letu lilikuwa dogo, la watu wanaohangaika na sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu kwenye mahindi na karanga zilizoanikwa chini kwenye udongo au zilizoingizwa stoo zikiwa bado na unyevu. Huioni, na mtu anaweza kuila msimu mzima bila kujua. Mimi nilikuwa afisa wa uwandani. Nilizunguka vijiji sita upande wa Mlali, wilayani Kongwa, kuwashawishi watu waanike kwenye turubai, wachambue punje zilizoharibika, na wahifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Inasikika rahisi. Nenda ukamwambie bibi aliyeanika mahindi chini tangu hajaolewa kwamba anakosea, halafu urudi unisimulie.

Nilikuwa na wasaidizi kumi na mmoja, tuliowaita wakulima wawezeshaji. Hawakuwa waajiriwa. Walikuwa wakulima wenzao waliochaguliwa na vijiji, wakajitolea kufundisha majirani. Niliwafundisha, niliwapangia ratiba, niliwasuluhisha walipogombana, na mmoja nilimwondoa. Mambo hayo yashike, kwa sababu kwenye barua yangu ya kwanza hayakuwemo.

Mratibu wetu wa mradi alikuwa mtu wa makamo, mpole, mzee wa kanisa, ambaye sote tulimwita Mzee ingawa hakuwa mzee kiasi hicho. Ndiye aliyenipokea nikiwa sijui hata kushika kipima unyevu. Hakunipandishia sauti hata siku moja. Mkataba wake ulipokwisha akapata kazi kwenye mradi mwingine kule Mpwapwa, cheo kilekile, na kiti chake kikabaki wazi. Kwa miezi mitatu nikakaimu mimi. Niliandika taarifa, nikaongoza vikao, nikawapokea wageni wa makao makuu na kuwapeleka vijijini. Kisha tangazo likatoka.

Tangazo lilitaka mtu mwenye shahada, uzoefu wa miaka mitano, na aliyewahi kusimamia watumishi. Shahada ninayo. Uzoefu wangu ulikuwa miaka mitatu na nusu. Watumishi sikuwahi kusimamia, ukiacha ile miezi mitatu ya kukaimu ambayo hata dereva alikuwa ananihurumia badala ya kunitii. Kwa hiyo ngazi ilikuwa juu yangu kidogo. Si sana. Ni kama rafu ya jikoni unayoifikia ukisimama kwa vidole.

Niliandika barua yangu kwa siku mbili, chumbani kwangu Nkuhungu nilikokuwa nimepanga. Ilikuwa na mambo. Niliandika kwamba nilianza na kijiji kimoja wakati wakulima hawataki hata kutuona, na sasa viko sita. Niliandika kwamba mwaka ule mvua zilipogoma kukatika wakati wa mavuno, nilihamisha mafunzo yote kwa wiki moja, nikaazima maturubai ya kanisa na ya msikiti, na kijiji kizima kikaanika kwa zamu. Niliandika nilivyokaimu. Nilipomaliza nikaona aibu, kwa sababu kila aya ilianza na mimi, mimi, mimi. Basi nikamtafuta mtu wa kuniangalizia. Nikampelekea Mzee, aliyekuwa amekuja Dodoma kumalizia makabidhiano.

Alikaa na ile barua muda mrefu, kalamu ya bluu mkononi. Kila alipokata alinitazama kwa huruma.

"Hapa unajipigia debe, mwanangu," akasema, akaifuta habari ya vijiji sita.

"Lakini ni kweli, Mzee."

"Najua ni kweli. Si nilikuwepo? Lakini wewe ni binti, tena wa hapahapa. Wale ni watu wakubwa. Wakiona umepandisha mabega watasema huyu hata hajapewa kiti ameshakikalia." Akakata na habari ya maturubai. "Waache wao wakuone. Mtu akijishusha ndipo anapoinuliwa."

Kisha, pale mwishoni, akaniandikia ile sentensi kwa mwandiko wake mzuri wa kulala. Akasema, "Hii iweke. Hii ni adabu. Kila mtu anayesoma anajua ni adabu tu."

Nikaiweka. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na moja, nina shahada, nimewahi kubishana na mwenyekiti wa kijiji mbele ya mkutano, na bado niliketi nikainakili sentensi ya mtu mwingine inayosema sifai, nikashukuru. Ahsante sana Mzee, nikasema. Nilimaanisha.

Usaili ulifanyika ofisi ya Dodoma mjini. Jopo lilikuwa la watu watatu. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja wa rasilimali watu kutoka makao makuu, Dar es Salaam, mwenye miwani ya kusomea inayoning'inia kwa mnyororo. Pembeni yake kulikuwa na mtaalamu wa kilimo aliyezoea kukaa ofisini, na kijana wa wafadhili aliyekuwa akiandika kila kitu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kufika Mlali. Nilijua hivyo kwa sababu mtaalamu aliniuliza kama ni karibu na Mpwapwa mjini.

Yule mama akavaa miwani, akashika barua yangu.

"Umeandika hapa kwamba hujafikia kiwango kinachohitajika," akasema. "Ni kweli?"

Hebu jiweke pale. Nikisema ndiyo, nimejimaliza. Nikisema hapana, nimeandika uongo kwenye barua ya maombi.

"Nimeandika kwa heshima tu, mama."

"Kwa hiyo si kweli?"

"Ni kweli kidogo."

Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu na mimi nilicheka. Nilicheka pamoja nao, nikajishika mdomo kama msichana aliyesifiwa nguo. Nikikumbuka kile kicheko changu natamani kurudi nijivute sikio.

Baada ya hapo waliniuliza maswali mazuri tu, na mimi nikayaua moja baada ya jingine. Waliuliza nilifanya nini mwaka wa mvua zile. Nikasema, "Tulijitahidi kidogo na wenzangu." Wakauliza nilivyokaimu. Nikasema, "Nilishikilia tu mpaka mwenyewe apatikane." Kijana wa wafadhili akaacha kuandika. Hakukuwa na cha kuandika.

Barua ya majibu ilikuja baada ya wiki mbili. Walinishukuru, wakanitia moyo niendelee kujifunza. Walitumia neno hilohilo nililowapa mimi, kujifunza.

Nikaenda nyumbani kijijini, mama alipo, si mbali na Mlali. Nilifika nikiwa nimevimba. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka anapepeta karanga, nikamsimulia yote, na kila nilipomaliza sentensi alitikisa kichwa kwa kutoelewa.

"Kwani hawakuja kuuliza watu?" akasema mwishowe.

"Waje wapi, mama?"

"Huku. Waulize. Watu si wanakujua? Hata yule mwenyekiti uliyegombana naye anakujua."

"Hawaji, mama. Wanasoma karatasi."

"Karatasi ambayo umeandika mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Na umeandika hufai?"

Mama alirudi kwenye karanga zake, akizipeperusha kwa hasira, sijui kwa ajili yangu au kwa ajili yao. Jirani akapita njiani, akasalimia, akauliza habari za mavuno. Mama akajibu bila kuinua uso, "Tumepata kidogo tu, za kuonjea." Nyuma yake, mlangoni, niliona magunia yamepangwa hadi usawa wa dirisha. Jirani naye aliyaona. Akasema Mungu ni mwema, akaenda zake.

Hapo ndipo kitu kiliponigonga, na hakikunituliza, kiliniongezea hasira. Sisi kwetu hakuna mtu anayetaja mavuno yake. Ukiwa na magunia ishirini unasema za kuonjea. Ukilima eka sita unasema kijishamba. Na hakuna anayedanganyika, kwa sababu shamba liko njiani na kila mtu analipita. Mtu akisema kidogo, jirani anaangalia mlangoni mwako anajazia mwenyewe. Ndiyo maana adabu ile inawezekana. Anayesikia ameshaona. Na ndiyo maana pia hakuna anayethubutu kutaja magunia mia moja ambayo hana, kwani watu watachungulia.

Mimi nilichukua lugha ya watu walioliona shamba, nikaipeleka kwa watu watatu ambao hawajui shamba liko wapi. Nikawaambia za kuonjea. Wakaniamini. Wangefanyaje?

Aliyepewa kazi alikuwa kijana wa miaka ishirini na tisa kutoka Iringa. Uzoefu wake, nilikuja kusikia, ulikuwa miaka miwili na ushee. Miwili! Siku nzima sikuweza kula. Ofisini tulikubaliana sote kwamba amedanganya kwenye CV, kwa sababu vijana wa siku hizi ndivyo walivyo, na mimi niliishika habari hiyo na kulala nayo. Kila siku nilisubiri uongo wake utoke nje.

Haukutoka. Alikuja na daftari dogo, akaniita dada, na akauliza. Mwenyekiti yupi asalimiwe kwanza? Kwa nini wanawake wa kijiji kile hawaji mafunzo ya Alhamisi? Kwa sababu Alhamisi ni mnada, kaka, wewe ungekuja? Akaandika. Barabara ipi inakatika mvua zikianza? Akaandika. Alisema mbele ya watu, "Hili silijui, atalieleza dada," bila kuona haya, nami nikalihesabu kama ushahidi kwamba hafai. Nilimfundisha kila kitu huku nimekunja uso. Kwa kweli alikuwa bosi mzuri. Aligawa kazi vizuri, alizuia ujinga mwingi wa makao makuu usitufikie, na taarifa zake zilisomeka. Nilimchukia hivyohivyo.

Ulipopita mwaka mmoja na miezi minne akapata kazi Arusha. Aliniita ofisini, akafunga mlango, akasema kiti kitatangazwa tena na kwamba amenitaja makao makuu.

"Tuma maombi, dada. Ukishaandika niletee niione."

Niliandika siku hiyohiyo, kwa dakika arobaini. Safari hii hakuna mtu angenikata. Niliandika kwamba hakuna mtu katika shirika hili anayeijua kazi hii kuliko mimi. Niliandika kwamba nina uzoefu mkubwa wa kuongoza watumishi. Niliandika kwamba safari iliyopita nafasi ile haikwenda kwa aliyestahili na kwamba sasa kuna fursa ya kulirekebisha hilo. Nikasahau kabisa kwamba aliyeipata nafasi ile ndiye ninayempelekea barua aisome.

Alisoma. Alipofika pale akatabasamu kidogo, akaendelea. Kisha akaiweka mezani.

"Dada, hii barua inatafuta ugomvi."

"Ile ya kwanza ilijishusha, hawakunipa."

"Sasa hii imewapandia kichwani. Wakimaliza kusoma watajua umekasirika. Hawatajua umefanya nini." Akaweka kidole kwenye mstari. "Hapa, uzoefu mkubwa wa kuongoza watumishi. Watumishi gani?"

"Wawezeshaji."

"Wale ni wa kujitolea."

"Kwani wa kujitolea hawaongozwi? Ni wagumu kuliko waajiriwa! Mwajiriwa unamshikia mshahara. Hawa unawashika kwa nini?"

"Hilo," akasema, "mbona hujaliandika?"

Nikamuuliza, kwa ukali ambao mtu hapaswi kumfanyia bosi wake, yeye aliandika nini kuwadanganya wakampa akiwa na miaka miwili.

Hakukasirika. Aligeuza kompyuta yake, akatafuta, akafungua barua yake ya siku zile, akaniachia nisome. Niliisoma mara mbili. Nilikuwa natafuta uongo. Katika aya ya pili aliandika: "Tangazo linataka miaka mitano; mimi nina miaka miwili na miezi mitatu. Katika muda huo nimesimamia vituo vinne vya kukusanyia maziwa, na nilipoingia viwili kati yake vilikuwa vimefungwa." Akaeleza alivyovifungua. Halafu mbele kidogo: "Sijawahi kufanya kazi ya nafaka wala Kanda ya Kati. Miezi mitatu ya kwanza nitaitumia vijijini pamoja na maafisa waliopo, ambao wanaijua kazi hii kuliko mimi."

Maafisa waliopo. Huyo ni mimi. Hata hanijui, alishaniandika kwenye barua yake vizuri kuliko nilivyojiandika mimi.

Hakukuwa na majigambo wala kuomba radhi. Alitaja pengo lake mara moja, kwa sauti ya mtu anayetaja urefu wake, akasema atalizibaje, akaendelea na mambo mengine. Mwaka mzima na miezi minne niliubeba uongo wa mtu ambaye hakuwa amesema uongo. Nilisimama, nikamwambia naomba nikanywe maji. Nje nilipiga teke ndoo ya mfagiaji na ikanibidi niombe radhi kwa mfagiaji.

Nilikasirikia nini hasa? Nilikasirika kwamba ilikuwa rahisi vile. Mimi nilijua njia mbili tu, kulala chini au kupanda mezani, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mtu anaweza kukaa kwenye kiti. Shule tulifundishwa mahali pa kuweka anwani na namna ya kumalizia na wako mtiifu. Utii tulifundishwa vizuri sana.

Niliichana ile barua ya ugomvi, nikaandika upya, polepole. Kila sentensi niliiuliza swali moja: yule mama wa miwani akipanda gari leo akaja Mlali, ataliona hili au hataliona? Nikiandika viongozi wa vijiji wananiheshimu, hataliona, nikafuta. Nikiandika vijiji sita, atahesabu mwenyewe. Nikiandika mimi ni mchapakazi hodari, atacheka. Nikiandika kwamba kati ya wawezeshaji kumi na mmoja nilioanza nao, tisa bado wanafundisha bila kulipwa, atawakuta, na watamwambia ninavyowasumbua. Maturubai ya kanisa na ya msikiti yakarudi. Kukaimu kukarudi, pamoja na yale yaliyonishinda.

Kuhusu miaka niliandika hivi: "Nina miaka minne na miezi kumi, tangazo linataka mitano." Kuhusu watumishi niliandika: "Sijawahi kuajiri wala kumwachisha kazi mwajiriwa. Nimewahi kumwondoa mwezeshaji aliyekuwa shemeji wa mwenyekiti wa kijiji, kijiji kikaendelea kutupokea. Kwa upande wa taratibu za ajira nitahitaji kuongozwa na ofisi ya rasilimali watu miezi ya mwanzo." Nikamalizia kwa kuwashukuru kwa kusoma. Sikuandika unyenyekevu mahali popote. Kijana wa Iringa aliposoma alirekebisha mkato mmoja, basi.

Jopo lilikuwa na mama yuleyule, miwani ileile, mnyororo uleule. Safari hii alikuwa na mafaili mawili mbele yake. Akafungua moja, nikaitambua barua yangu ya zamani kwa mbali, kama mtu anavyoitambua nguo yake kwenye kamba ya jirani.

"Safari iliyopita uliandika," akasema, akaisoma yote, neno kwa neno, na ule unyenyekevu mkubwa ndani yake. "Sasa unasema unaweza. Umebadilika nini?"

Nilikuwa na hasira, sitaficha. Lakini nilikuwa nimeshaimalizia kwenye ndoo na kwenye barua iliyochanwa, iliyobaki ilinitosha kukaa wima.

"Mwaka mmoja na miezi minne nimeongeza, mama, na nimejifunza kugawa kazi kutoka kwa mratibu anayeondoka," nikasema. "Lakini mengi yaliyomo kwenye barua hii nilikuwa nimeshayafanya siku ile. Vijiji vilikuwa sita. Maturubai niliyaazima kabla ya siku ile. Kilichobadilika zaidi ni barua. Ile niliandika kwa adabu ya kwetu, nikasahau kwamba ninyi hamjafika kwetu."

Kijana wa wafadhili alikuwa anaandika.

"Na huyo shemeji wa mwenyekiti," akasema mama, akivua miwani, "ulimwondoaje?"

Nikamweleza. Kwamba alikuwa anafundishia nyumbani kwake tu, kwa ndugu zake tu. Kwamba nilimwonya mara mbili, mara ya pili mbele ya shahidi. Kwamba nilikwenda kwa mwenyekiti kwanza, asije akalisikia kwa wengine, na kwamba nilikosea kwa kwenda siku ya msiba na ikanibidi nirudi tena kuomba radhi kabla ya kusema nililojia. Akauliza kama ningefanya tofauti leo. Nikasema ndiyo, ningeuliza kwanza kama kuna msiba. Wakacheka. Mimi sikucheka, nilisubiri wamalize.

Kazi niliipata. Nilipigiwa simu nikiwa Mlali, stoo ya kijiji, kipima unyevu mkononi, na nilimalizia kupima gunia lile kabla ya kumwambia mtu yeyote.

Siku mbili baadaye, nikiwa tena stoo ileile, Mzee akapiga kutoka Mpwapwa. Habari zilikuwa zimemfikia, na sauti yake ilijaa furaha ya kweli kabisa.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hongera sana! Unaona sasa? Nilikuambia mimi, mtu akijishusha huinuliwa."

Miezi yote ile nilikuwa nimeipanga hotuba yangu. Niliipanga barabarani, niliipanga bafuni. Ilikuwa na maneno makali na ilikuwa na haki.

"Mzee," nikasema, "ile sentensi uliyoniandikia, waliisoma tena juzijuzi. Kwenye usaili. Ndiyo iliyoninyima mara ya kwanza. Safari hii niliitoa, na yote uliyoyakata niliyarudisha."

Nilikuwa tayari kuendelea, hotuba ilikuwa bado ndefu.

"Hiyo sentensi," akanikatiza, polepole, "mimi mwenyewe nimeiandika mara tatu. Ile nafasi ya meneja wa kanda. Kila ilipotangazwa."

"Wakakuita?"

"Hapana. Hata mara moja."

Nilisimama pale stoo na hotuba yangu, sina pa kuipeleka. Huyu mtu alianzisha mradi kutoka sifuri. Vile vijiji, njia ya kwanza aliichimba yeye. Hakuna mtu wa makao makuu anayelijua hilo, kwa sababu hakuwahi kuwaambia, alikuwa anangoja waje waone. Hasira yangu ilikuwa palepale, imejaa, ila haikuwa yake tena.

Akakohoa. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake, kama ile barua yangu mpya bado ninayo, na kama naweza kumtumia, aione tu.